CVD na bei zinapoachana kwenye chati ya dakika 1: kuishiwa au kumezwa, utumie upi?

Bei ya BTCUSDT imepanda dola 200 ndani ya dakika kumi. Unataka kujua kama wanunuzi bado wapo au wamefika mwisho wa safari. Wengi hufungua CVD, yaani delta limbikizi ya ujazo, wakatafuta mahali ilipoachana na bei. Tatizo ni kwamba bei na CVD huachana kwa njia mbili, na mara nyingi zote mbili hupewa jina moja.

Njia ya kwanza, bei inaweka kilele kipya huku CVD ikishindwa kufikia kilele chake cha awali. Huo tutauita mwachano wa kuishiwa. Njia ya pili ni kinyume chake: CVD inavuka kilele chake cha awali, lakini bei inagoma kupanda. Huo tutauita mwachano wa kumezwa. Kwenye chati unaweza kuziona kama mapacha, ila zinaeleza mambo tofauti kuhusu soko, zinahitaji data tofauti, na ada zake hazilingani. Hapa tunazipima kwenye mkataba wa kudumu wa BTCUSDT ulioko Binance, kwa upande wa kuuza baada ya bei kupanda. Upande wa kununua baada ya bei kushuka ni hesabu ileile ikigeuzwa.

CVD inahesabu nini hasa

Kila muamala una mnunuzi na muuzaji, kwa hiyo kusema "wanunuzi walikuwa wengi" hakuna maana. Delta inauliza jambo jingine: kati ya hao wawili, nani alikuwa na haraka? Aliyeweka oda ya limiti alisubiri kwenye kitabu cha oda. Aliyetuma oda ya soko alimfuata palepale alipo. Mwenye haraka akiwa mnunuzi, ujazo unajumlishwa. Akiwa muuzaji, unatolewa. CVD ni jumla ya hesabu hiyo tangu saa fulani ya kuanzia, mara nyingi tangu mwanzo wa siku.

Kumbuka kwamba CVD haimwoni anayesubiri. Muuzaji mkubwa aliyeweka oda za limiti juu ya bei haonekani kwenye CVD mpaka wanunuzi wamfikie, na hata hapo kinachoandikwa ni ununuzi wao, si uuzaji wake. Tofauti kati ya miachano yetu miwili inatokana na jambo hili.

Mfano mmoja, miisho miwili

Tuchukue namba za mfano, si za siku fulani. Bei imepanda kutoka 63,960 hadi 64,180, na CVD imetoka +310 hadi +820 BTC. Kisha bei imerudi 64,090 na CVD ikashuka hadi +690. Sasa inapanda tena, na mambo yanaweza kwenda hivi au vile:

| | Kuishiwa | Kumezwa |
|---|---|---|
| Kilele cha kwanza | 64,180, CVD +820 | 64,180, CVD +820 |
| Bonde | 64,090, CVD +690 | 64,090, CVD +690 |
| Kilele cha pili | 64,215, CVD +745 | 64,172, CVD +1,130 |
| BTC zilizotumika kwa kila dola ya mpando wa pili | 0.44 | 5.4 |

Mstari wa mwisho ndio wenye habari. Mpando wa kwanza ulitumia BTC 510 kusogea dola 220, yaani kama BTC 2.3 kwa kila dola. Kwenye mwachano wa kuishiwa, mpando wa pili umetumia BTC 55 tu kusogea dola 125. Bei imepanda kwa urahisi zaidi kuliko mwanzo. Hapo wengi hukimbilia kusema wanunuzi wamechoka. Ni kweli wamepungua, lakini wauzaji nao wamejitoa njiani, maana kama wangekuwepo, BTC 55 zisingefika popote. Kitabu cha oda ni chepesi. Soko la namna hiyo linaweza kuanguka, na linaweza pia kuendelea kupanda kwa nguvu ndogo vilevile kwa nusu saa nzima.

Kwenye mwachano wa kumezwa hali ni nyingine kabisa. Wanunuzi wametumia BTC 440 na wamepata dola 82. Kuna mtu, au kundi la watu, waliosimama kati ya 64,165 na 64,180 wakiuza kwa limiti kila kinachokuja. Huenda oda yenyewe haionekani kwenye kitabu, kwa sababu oda inaweza kuwekwa ikionyesha kipande kidogo tu na kujijaza upya kila kipande kinapoliwa. Hata hivyo alama yake inabaki: ujazo mwingi wa kununua, bei imesimama.

Kwa hiyo kuishiwa ni ushahidi wa kukosekana kwa kitu, na kumezwa ni ushahidi wa kuwepo kwa kitu. Ushahidi wa pili una uzito zaidi unapotaka kuingia sokoni kinyume na mwendo. Sababu si muuzaji peke yake. Ni hao walionunua BTC 440 karibu na kilele: bei ikianza kushuka, wote wako kwenye hasara mara moja, na njia yao ya kutoka ni kuuza.

Data uliyonayo inaweza kukuchagulia

Kabla ya kupenda mmoja, angalia delta yako inatoka wapi. Kuna delta ya kweli, ambayo soko lenyewe linasema nani alikuwa na haraka, na kuna delta ya kukisia. Kiashiria cha CVD cha TradingView hukisia: kinachukua mishumaa ya muda mfupi zaidi iliyo ndani ya mshumaa wako, na mshumaa mdogo ukifunga juu ya ulipofungulia, ujazo wake wote unahesabiwa kuwa wa kununua. Ukifunga chini, wote ni wa kuuza.

Tazama kinachotokea wakati wa kumezwa. Wanunuzi wanarusha mamia ya BTC, bei haisogei, na mishumaa midogo inafunga kwa kubahatisha, mmoja juu kidogo, mwingine chini kidogo. Kwenye makisio, delta inatoka karibu na sifuri, au hata hasi, dakika ileile ambayo delta ya kweli ni +260. Makisio yanatengenezwa kutokana na bei, kwa hiyo hayawezi kuonyesha vizuri mahali ambapo ujazo umekataa kufuatana na bei. Mwachano wa kuishiwa huathirika kidogo, kwa kuwa upungufu wa ujazo wenyewe bado unaonekana. Mwenye data ya kukisia pekee aachane kabisa na mwachano wa kumezwa.

Kwa bahati nzuri, delta ya kweli ya Binance ni bure. Kila mshumaa unaotolewa na mfumo wao huja na ujazo wote pamoja na ujazo ulionunuliwa na wenye haraka. Ukiita wa kwanza V na wa pili B, uuzaji wa haraka ni V − B, na delta ni 2B − V:

```python
import requests
u = "https://fapi.binance.com/fapi/v1/klines"
p = {"symbol": "BTCUSDT", "interval": "1m", "limit": 500}
cvd = 0.0
for r in requests.get(u, params=p).json():
    cvd += 2 * float(r[9]) - float(r[5])
    print(r[0], r[4], round(cvd, 1))
```

Safu `r[4]` ni bei ya kufunga, `r[5]` ni ujazo wote na `r[9]` ni ununuzi wa haraka. Mstari wa mwisho kabisa ni mshumaa ambao haujafunga, usiutumie. Kwa soko la papo kwa papo, badilisha anwani iwe `https://api.binance.com/api/v3/klines`. Ukitaka muamala mmoja mmoja, mkondo wa `btcusdt@aggTrade` una alama ya `m`: ikiwa `true`, mnunuzi ndiye aliyekuwa akisubiri, kwa hiyo muamala huo ni wa kuuza. Wengi huisoma kinyume wakapata CVD iliyopinduka, inayoshuka bei inapopanda.

Wanaofanya foreksi wana shida kubwa zaidi. Soko la foreksi la papo kwa papo halina mahali pamoja pa kukusanya miamala, na ujazo unaoonyeshwa na MetaTrader kwa jozi kama EURUSD ni idadi ya mara bei ilipobadilika kwa broka wako. Hapo hakuna delta, na CVD yoyote inayojengwa juu yake ni mchoro wa bei kwa rangi nyingine. Njia ya haki ni kutazama mkataba wa 6E wa soko la CME, ambao kila mmoja ni wa euro 125,000, kisha kufanya uamuzi kwenye jozi yako.

Makosa yanayozaa miachano ya uongo

Kosa la kwanza ni kulinganisha visivyolingana. Kilele cha bei huchukuliwa kwenye ncha ya utambi wa mshumaa, huku CVD ikisomwa mwishoni mwa dakika. Bei iligusa 64,215 sekunde ya 20. CVD ya sekunde ya 60 ni habari nyingine. Kama data yako ina CVD ya kufunga tu, linganisha na bei ya kufunga tu. Kwa namna hii baadhi ya miachano uliyoiona itatoweka, na hiyo ni faida.

La pili ni mahali pa kuanzia hesabu. CVD ikianza upya saa 00:00 UTC, ambayo kwa Afrika Mashariki ni saa tisa usiku, kilele cha saa nane na nusu na kilele cha saa tisa na dakika ishirini haviwezi kulinganishwa. Hata ndani ya siku moja, vilele vilivyoachana kwa saa nne havina la kusemezana. Kwenye dakika 1, vilele viwili viwe kati ya dakika 5 na 40 hivi.

La tatu ni haraka ya kutangaza kilele. Kama kanuni yako ni kwamba kilele kina mishumaa 3 iliyo chini yake kila upande, utakijua dakika 3 baadaye. Mwachano wa kuishiwa unategemea sana uthibitisho huu, maana bila huo kila mpando mpole ni mwachano. Wa kumezwa hauutegemei kiasi hicho, kwa kuwa unaona ujazo ukiliwa wakati uleule.

Kisha kuna mahali penyewe kwenye chati. Mwachano uliotokea katikati ya pori, mbali na kilele cha jana, kilele cha siku au bei ya namba nzima kama 64,000, uuache upite. Wauzaji wakubwa wana sababu ya kusimama kwenye sehemu hizo, kwingine hawana. Dakika chache za kufunguliwa kwa soko la hisa la New York nazo zinadanganya sana, kwa sababu ujazo hupanda ghafla na vilele vya kabla na baada havifanani. Kwetu ni saa kumi na nusu jioni Marekani ikiwa kwenye saa za majira ya joto, na saa kumi na moja na nusu nyakati nyingine.

Kumezwa kwa kweli na kumezwa kwa bandia

Mwachano wa kumezwa una mtego wake, nao unastahili nafasi. Kwenye mkataba wa kudumu, anayemeza si lazima awe anaamini bei itashuka. Anaweza kuwa mfanyabiashara wa tofauti ya bei: anauza mkataba kwa limiti, papo hapo ananunua bitkoini yenyewe kwenye soko la papo kwa papo. Huyo hana upande. Ununuzi wake wa pili unaivuta bei juu, na ule ukuta ulioutegemea unageuka daraja.

Ili kuwatofautisha, weka CVD mbili kwenye chati moja, ya mkataba wa kudumu na ya soko la papo kwa papo. Kama ya mkataba imepanda BTC 440 na ya papo kwa papo imelala au inashuka, aliyemeza ameuza kweli. Kama zote mbili zinapanda kwa pamoja na bei imesimama, subiri, kwa maana hujui ukuta huo unasimamia nini.

Kitu cha pili cha kutazama ni mikataba iliyo wazi. CVD inaweza kuruka kwa sababu waliouza mapema wamefungwa kwa lazima. Kufungwa kwao ni kununua kwa oda ya soko, kwa hiyo kunahesabiwa kama haraka ya wanunuzi. Wakati huo mikataba iliyo wazi hupungua. CVD ikipanda pamoja na mikataba iliyo wazi huku bei imegoma, ni wanunuzi wapya walioingia pabaya, na hao ndio kuni za mshuko. Historia ya mikataba iliyo wazi ya Binance hutolewa kwa vipande vya dakika 5 kwenda juu, kwa hiyo ukitaka ya kila dakika lazima uisome `/fapi/v1/openInterest` mwenyewe kila dakika na kuihifadhi.

Ada ndizo zinazoamua kwenye dakika 1

Hapa ndipo ulinganisho unapoegemea upande mmoja. Tuseme ada ni asilimia 0.05 kwa oda ya soko na 0.02 kwa oda ya limiti. Kwa bei ya dola 64,000, hiyo ni kama dola 32 na dola 13 kwa kila BTC. Kuingia na kutoka kwa oda za soko ni dola 64, kwenye mchezo ambao mwendo wenyewe ni dola 100 au 200.

Mwachano wa kuishiwa unakulazimisha kusubiri uthibitisho: bei irudi chini ya kilele cha kwanza, na CVD ivunje bonde lake la +690. Likitokea, bei inakimbia na unaingia kwa oda ya soko, tuseme 64,165, na kikomo cha hasara 64,230. Ukikosea unapoteza dola 65 za bei na 64 za ada, jumla 129. Ukipatia na kutoka kwa limiti 63,960, unapata 205, ukitoa ada unabaki na 160. Unahitaji kupatia karibu mara 45 kati ya 100 ili tu usipoteze.

Kwenye mwachano wa kumezwa, unajua muuzaji mkubwa yuko wapi na unaweza kusimama kando yake kwa limiti, tuseme 64,170, kikomo cha hasara 64,205. Ukikosea unapoteza dola 35 za bei, 13 za kuingia na 32 za kutoka, jumla 80. Ukipatia hadi 63,960 unabaki na 184. Sasa unahitaji kupatia karibu mara 30 kati ya 100.

Usiidhanie tofauti hiyo kuwa zawadi, kwa sababu oda ya limiti ina gharama isiyoandikwa. Siku ukuta unapovunjika, oda yako itajazwa kwa hakika. Siku ukuta unaposhika, bei inaweza kugeuka 64,166 ukabaki ukitazama. Kwa hiyo ushindi halisi utakuwa chini ya ule unaouona ukipitia chati za nyuma, na majaribio yahesabu oda kuwa imejazwa pale tu bei inapopita kiwango chake, si inapokigusa. Kikomo cha hasara kiwe oda iliyowekwa sokoni, itakayotekelezwa kama oda ya soko. Ukuta ukiondoka, bei hupita 64,180 kwa kasi kwa sababu vikomo vya wauzaji wengine vyote viko pale juu, na kikomo cha aina ya limiti kinaweza kurukwa.

Basi utumie upi

Ukiwa na delta ya kweli, CVD mbili mbele yako na mahali palipochorwa mapema, tumia mwachano wa kumezwa kwa kuingia. Kipimo cha kuanzia ni hiki: jumla ya delta ya dakika 3 iwe angalau mara 3 ya kawaida ya saa iliyopita, na bei ndani ya dakika hizo isisogee zaidi ya mwendo wa kawaida wa dakika 1. Rekebisha baada ya kupima kwenye data ya wiki kadhaa, maana ujazo wa usiku wa Jumamosi haufanani na wa jioni ya Jumatano.

Ukiwa na data ya kukisia tu, au ada yako ni ya oda za soko pande zote mbili, hamia dakika 5 ambako mwendo ni mpana zaidi kuliko ada, na utumie mwachano wa kuishiwa kwa tahadhari.

Na hata mwenye kila kitu asitupe mwachano wa kuishiwa, ila abadilishe kazi yake. Haufai sana kwa kuuza. Unafaa sana kwa aliyekwisha kununua. Mtu aliyenunua 63,990 akaona kilele cha pili cha 64,215 kikija na CVD +745, hana haja ya kutabiri kama soko litaanguka. Anajua kitabu ni chepesi pande zote. Anaweka limiti ya kuuza nusu palepale juu ya bei, ambako ada ni ndogo, na kikomo cha nusu iliyobaki anakipandisha hadi chini kidogo ya bonde la 64,090. Bei ikiendelea na mwendo wake mwepesi, nusu inaendelea kupanda nayo. Ikianguka, anatoka karibu na 64,080 akiwa bado na faida baada ya ada.